Kampeni Mbili, Mteja Mmoja: Ni Tangazo Gani Lipewe Nafasi ya Kwanza?

Tuseme una gesti ya vyumba nane pale karibu na Dunga, Kisumu, na boti moja ya kuzungusha wageni ziwani. Unalipia matangazo ya Google kwa kadi iliyounganishwa na pochi yako ya simu, na wageni wanakulipa dipoziti kwenye namba yako ya malipo kabla hawajafika. Kwa hiyo pesa unaiona ikitoka na unaiona ikiingia. Usichokiona vizuri ni kile kinachotokea hapo katikati.

Hapo katikati una kampeni mbili. Ya kwanza ni ya utafutaji, ile ya kawaida, ambayo kwenye skrini inaitwa `Search`. Wewe unachagua maneno muhimu, na mtu akiyaandika Google, tangazo lako linajitokeza. Ya pili inaitwa `Performance Max`, na sisi hapa tutaiita kampeni ya njia zote. Google iliifungulia watangazaji wote Novemba 2021. Unaipa picha, maandishi, bajeti na lengo, halafu yenyewe inaamua ikuonyeshe wapi: kwenye utafutaji, Yutyubu, Jimeili, ramani au tovuti za watu wengine.

Ugumu ni kwamba zote mbili zinaweza kujibu utafutaji ule ule. Mtu wa Nairobi akiandika `guest house kisumu`, kampeni zote mbili zinasema, "Huyo ni wangu." Nani anampata? Na wewe ungependa ampate nani? Hebu tuanze na hilo la kwanza.

Je, unajipandishia bei mwenyewe?

Wengi wanaogopa kwamba kampeni mbili za mtu mmoja zinashindana mnadani mpaka bei ya kubonyezwa inapanda. Hilo si kweli. Google huchagua kwanza tangazo moja kutoka kwenye akaunti yako, ndipo hilo moja linaingia mnadani kupambana na ya watu wengine. Ni kama matatu moja yenye makanga wawili pale steji. Anayetumwa kwa abiria ni mmoja tu, na nauli haibadiliki.

Hasara iko kwingine. Makanga mmoja anaweza kumchukua abiria aliyekuwa tayari anakuja kwenye gari lako, kisha jioni akadai kamisheni kubwa kuliko mwenzake aliyezunguka juani kutafuta abiria wapya. Wewe ukiangalia hesabu tu, utamfukuza aliyefanya kazi ngumu.

Google inaamuaje?

Sheria yenyewe ni fupi. Kama alichoandika mtu kinafanana kabisa na neno muhimu uliloliweka kwa ulinganisho kamili kwenye kampeni ya utafutaji, basi kampeni ya utafutaji inatangulia. Akikosea herufi na Google ikamsahihisha, bado inahesabika kuwa ni lile lile. Ulinganisho kamili unauandika kwa mabano ya mraba, hivi:

```
[guest house kisumu]
[boat ride kisumu]
[dunga beach kisumu]
```

Kama hakifanani kabisa, basi kipaumbele hicho hakipo tena. Kampeni mbili zinapimwa kwa `Ad Rank`, yaani alama inayotokana na dau, ubora wa tangazo na ukurasa wako, na mazingira ya utafutaji wenyewe. Yenye alama ya juu ndiyo inayoonyeshwa. Ukiweka neno kwa ulinganisho wa kirai au ulinganisho mpana, halisaidiki sana kwenye swala hili, kwa sababu Google inalipa uzito ule ule wa zile mada unazoiandikia kampeni ya njia zote pale kwenye `Search themes`.

Kwa hiyo mtu akiandika `boat ride kisumu`, kampeni ya utafutaji inampata. Akiandika `boat ride kisumu price for family`, neno lako la mabano bado linaweza kulingana naye kwa maana, lakini maneno hayafanani kabisa, na hapo yeyote anaweza kushinda.

Neno lenye mabano nalo linaweza kupigwa bao

Sasa hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Umeweka mabano, umeweka neno sahihi, na bado ripoti inaonyesha kampeni ya njia zote imelichukua neno lile lile. Sheria haijavunjwa. Neno lina kipaumbele pale tu linapostahili kuingia mnadani wakati ule, na kuna mambo matatu ambayo kwa biashara za huku kwetu hulitoa nje mara kwa mara.

La kwanza ni bajeti. Kampeni ya utafutaji ikiwa na shilingi 300 kwa siku na kila mbonyezo ni kama shilingi 30, unapata mibonyezo kumi hivi, basi. Usidhani itafanya kazi mpaka saa saba mchana halafu izimike. Kwa kawaida Google huisambaza bajeti siku nzima, kwa hiyo inaruka baadhi ya minada asubuhi, mchana na jioni. Kila inaporuka, kampeni ya njia zote, yenye bajeti kubwa, iko pale imesimama tayari. Utalijua hili kwa kuongeza safu ya `Search lost IS (budget)` kwenye jedwali la kampeni. Ikisema 45%, maana yake karibu nusu ya nafasi ulizostahili zilikupita kwa sababu ya bajeti.

La pili ni eneo. Wageni wa Dunga wengi hawatafuti wakiwa Dunga. Wako Nairobi, Eldoret, Kisii au Nakuru wanapanga wikendi. Kama kampeni ya utafutaji umeifungia Kisumu, tena ukachagua `Presence`, yaani watu walioko Kisumu tu, mtu wa Nairobi hahesabiki. Kampeni ya njia zote, kama uliiachia Kenya nzima, itamchukua bila kupingwa. Kagua mipangilio ya eneo ya kampeni zote mbili ukiziweka bega kwa bega.

La tatu ni neno lenyewe kuwa dogo mno. Tunapenda kuweka maneno ya kwetu kabisa, kama `[gesti dunga yenye boti]`. Ni neno zuri, ila watu wanaoliandika ni wachache sana, na Google huliwekea alama ya `Low search volume`. Neno lenye alama hiyo halionyeshi tangazo, kwa hiyo halina kipaumbele chochote. Mabano yako yaweke kwenye maneno ambayo watu wanayaandika kweli, hata kama ni ya Kiingereza, na haya madogo uyaachie kampeni ya njia zote.

Hesabu ya gesti: namba nzuri iliyodanganya

Turudi kwenye gesti yetu. Namba hizi ni za mfano, ila zifuate polepole, kwa sababu ndizo zinazobadilisha uamuzi.

Kwa siku 28, kampeni ya utafutaji ilitumia shilingi 300 kwa siku, jumla 8,400. Kampeni ya njia zote ilitumia 700 kwa siku, jumla 19,600. Safu ya `Conversions`, ambayo hapa inahesabu dipoziti zilizolipwa, inasema ya utafutaji ilileta wageni 9 na ya njia zote ikaleta 40. Ukigawanya, mgeni wa utafutaji amekugharimu shilingi 933, na mgeni wa njia zote shilingi 490.

Mwenye gesti angefanya nini? Angezima ya utafutaji leo leo. Lakini kabla hajafanya hivyo, na afungue ripoti ya `Search terms` ya kampeni ya njia zote aone watu waliandika nini hasa. Hapo anakuta kwamba kati ya wale 40, wageni 26 waliandika jina la gesti yake.

Hao 26 ni akina nani? Ni mtu aliyelala hapo mwaka jana. Ni binamu yake aliyeambiwa, "Nenda pale, samaki wao ni wazuri." Ni aliyeona kibao barabarani. Walikuwa tayari wanakuja na walichohitaji ni namba ya simu tu. Tangazo halikuwatafuta, liliwapokea mlangoni.

Sasa fanya hesabu upya. Kama hao 26 wangekuja hata bila tangazo, wageni walioletwa kweli ni 14, na pesa iliyotumika ni ile ile 19,600. Kila mmoja ni shilingi 1,400. Tuseme chumba ni 3,500, na ukitoa chai ya asubuhi, usafi, umeme na mishahara unabaki na 1,500. Kwa mgeni wa usiku mmoja, faida yako ni shilingi 100. Kampeni iliyoonekana shujaa imekuachia nauli ya boda, na ile uliyotaka kuizima ndiyo iliyokuwa inakulipa.

Kuwa mwangalifu na jambo moja hapo. Si wote 26 wangekuja bure. Tovuti za kuuza vyumba zinaweza kununua tangazo kwa jina lako, na mgeni wako akapitia kwao, nawe ukalipa kamisheni. Tafuta jina lako ukiwa kwenye simu ya mtu mwingine uone nani yuko juu. Pia ripoti haionyeshi kila utafutaji, kwa kuwa ule ulioandikwa na watu wachache mno hufichwa kwa sababu za faragha. Kwa hiyo 1,400 ni makadirio ya upande mbaya kabisa. Ukweli uko kati ya 490 na 1,400, lakini sasa angalau unajua kwamba 490 si bei ya mgeni mpya.

Basi nani atangulie?

Sisi tunashauri uyagawe maneno yako mafungu matatu, halafu kila fungu ulipe mwenyewe wake.

Fungu la kwanza ni jina lako. Lipe kampeni yake ndogo ya utafutaji, kwa mabano, na bajeti yake yenyewe, kisha ulizuie lisichukuliwe na kampeni ya njia zote. Zamani kuzuia maneno kwenye kampeni hii kulikuwa na usumbufu. Tangu mwaka 2025 unaweza kuongeza maneno hasi mwenyewe kwenye kampeni, na yanazuia upande wa utafutaji na wa bidhaa za duka. Yutyubu na ramani haziguswi.

Hapa kuna mtego. Kama jina lako lina maneno ya kawaida, tuseme `lake view`, usiliweke hivyo peke yake kama neno hasi la kirai:

```
"lake view"
```

Neno hilo litamzuia pia mgeni asiyekujua aliyeandika `hotel with lake view kisumu`, na huyo ndiye uliyekuwa unamtaka. Weka jina refu zaidi, pamoja na Dunga au neno lingine linalokutambulisha, au tumia maneno hasi ya mabano yaliyo jina lako hasa. Na kumbuka kwamba neno hasi halielewi maana. Ukizuia umoja, wingi bado unapita, kwa hiyo andika yote mawili.

Fungu la pili ni maneno moto, matano hadi kumi hivi, ambayo mtu akiyaandika yuko karibu kulipa: `guest house kisumu`, `boat ride kisumu` na ndugu zake. Haya yape mabano kwenye kampeni ya utafutaji na bajeti ya kutosha, mpaka ile safu ya nafasi zilizopotea kwa bajeti ishuke. Unataka kampeni ya utafutaji iyachukue kwa sababu hapo wewe ndiye unayechagua maandishi na ukurasa. Aliyeuliza boti apelekwe kwenye bei ya boti, siyo kwenye picha za vitanda.

Lakini maneno haya usiyazuie kwenye kampeni ya njia zote. Kwa nini jina tulizuie na haya tusiyazuie? Kwa sababu anayetafuta jina lako atakupata hata tangazo likikosekana. Anayetafuta boti Kisumu hakujui. Siku ambayo kampeni ya utafutaji imeruka mnada, ni afadhali kampeni yako nyingine imdake kuliko aende kwa jirani. Mabano tayari yameipa ya utafutaji nafasi ya kwanza, na hiyo nyingine inabaki kuwa wavu wa nyuma.

Fungu la tatu ni yaliyobaki yote: sentensi ndefu, maneno ya Kiswahili na Dholuo yanayoandikwa mara chache, maswali ambayo hukuwahi kuyawaza. Haya yaachie kampeni ya njia zote. Hapo ndipo ina nguvu kweli. Usijaribu kulifuata kila neno kwa mabano, utachoka na utaishia na orodha ya `Low search volume`.

Pima kwa daftari la malipo

Jumla ya bajeti isibadilike. Gesti yetu inaweza kuzigawa zile 1,000 za siku hivi: jina 100, maneno moto 400, njia zote 500. Ili ujue kila dipoziti imetoka wapi, weka alama kwenye `Final URL suffix` ya kila kampeni:

```
utm_source=google&utm_campaign=jina
utm_source=google&utm_campaign=maneno_moto
utm_source=google&utm_campaign=njia_zote
```

Mwambie aliyekutengenezea tovuti kwamba fomu ya kuweka chumba iihifadhi alama hiyo pamoja na namba ya nafasi. Kisha mgeni aandike namba hiyo ya nafasi kama namba ya akaunti anapolipa. Mwisho wa mwezi unachukua taarifa yako ya malipo, unaiweka kando ya fomu, na kila shilingi iliyoingia ina njia yake. Usihesabu waliobonyeza kitufe cha simu tu kama wageni, maana kampeni ya njia zote huwatafuta watu wa aina uliyoipa kama lengo. Ukiiambia lengo ni kubonyeza, itakuletea wabonyezaji.

Subiri wiki nne kabla ya kuhukumu, na zile mbili za kwanza usizitilie maanani sana, kwa sababu kampeni inajifunza upya. Tuseme matokeo ni haya: maneno moto yametumia 11,200 na kuleta wageni 14, yaani 800 kila mmoja. Njia zote imetumia 14,000 na kuleta 15, yaani 933. Ukiiangalia peke yake utasema imeharibika, kutoka 490 hadi 933. La hasha. Ilikuwa inajihesabia wageni wako wa zamani, na sasa inahesabu wapya tu.

Swali la mwisho ni moja: dipoziti zote kwa jumla, za matangazo na zisizo za matangazo, zimepanda au zimeshuka? Kama daftari lilikuwa na dipoziti 64 na sasa lina 70 kwa bajeti ile ile, mpangilio mpya unakufaa. Kama zimeshuka hadi 55, huenda jina lako lilihitaji ulinzi zaidi, au neno hasi limezuia kupita kiasi. Rudi kwenye ripoti ya `Search terms` uangalie. Na usilinganishe mwezi wa shule na mwezi wa likizo. Agosti na Desemba Dunga hujaa hata matangazo yote yakizimwa.

Kwa hiyo kabla hujazima kampeni yoyote wiki hii, fungua ripoti ile, hesabu ni wageni wangapi walioandika jina lako, watoe, kisha ugawanye tena. Namba utakayoipata hapo ndiyo ya kufanyia uamuzi.